Laptopu ya RAM GB 2 inaganda kila nikipiga skrinshoti, nifanyeje?

MamaSteshenari:
Habari wakuu. Nina duka la steshenari, nawasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni na kulipia huduma za serikali. Mteja akimaliza namtumia picha ya ukurasa wenye kontroo namba kwa WhatsApp. Nabonyeza Windows+Shift+S, nachagua eneo, natuma.

Shida ni kwamba nikibonyeza, kioo kinaganda. Mshale hausogei, taa ya diski inawaka bila kuzima, na mteja amesimama ananitazama. Mashine ni ya zamani, Windows 10, RAM GB 2, diski ngumu ya kawaida. Kivinjari kinakuwa wazi muda wote pamoja na WhatsApp ya kwenye kompyuta. Kununua nyingine kwa sasa sina uwezo. Kuna njia nyepesi?

Kibiriti_Ngoma:
Dada, bonyeza kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja, shikilia kidogo. Mbona rahisi.

MamaSteshenari:
Hiyo ni ya simu kaka. Mimi nazungumzia laptopu.

Mzee_wa_Data:
Tatizo ni picha yenyewe. Skrinshoti ni nzito, na RAM ya GB 2 haiwezi kuibeba. Punguza ukubwa wa kioo kwenye Display settings uone. Na ukiweza ongeza RAM, hapo ndipo mzizi ulipo.

FundiWaGhorofani:
Mzee, kwenye RAM uko sawa, kwenye picha hapana. Kioo cha laptopu nyingi za zamani ni 1366 kwa 768. Kila nukta inachukua baiti 4, kwa hiyo picha nzima ikiwa kwenye kumbukumbu ni kama MB 4 tu. Kichupo kimoja cha kivinjari kinakula mara nyingi zaidi ya hapo. Akipunguza ukubwa wa kioo ataishia kusoma maandishi yaliyofifia, na kuganda kutabaki palepale.

Mama, kinachokugandisha ni programu inayofunguka ili kuipiga picha. Ukibonyeza Windows+Shift+S, Windows haipigi picha moja kwa moja. Inaamsha Snip & Sketch, inatia giza kioo chote, inakungoja uchague eneo, kisha inakuletea taarifa pembeni. RAM yako tayari imejazwa na kivinjari, kwa hiyo ili programu hiyo ipate nafasi, Windows inahamisha vitu vingine kwenda kwenye diski, huku ikisoma programu yenyewe kutoka diski ileile. Diski ya kuzunguka haiwezi kazi mbili hizo kwa haraka. Ndiyo maana taa haizimi.

Jipime hivi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, iache wazi pembeni. Piga skrinshoti ya kwanza, kisha ya pili papo hapo. Kama ya kwanza inaganda na Disk inapanda hadi 100%, halafu ya pili inapita vizuri, basi ni hilo nililosema. Kama zote zinaganda sawasawa, kuna kitu kingine kinachodandia picha zako, tutakitafuta.

Na ikiganda, usibonyeze tena na tena. Unaiongezea foleni.

MamaSteshenari:
Nimejaribu. Ya kwanza Disk 100%, ikaganda. Ya pili ikapita. Lakini nikikaa kidogo na fomu za mteja mwingine, nikirudi inaganda tena.

FundiWaGhorofani:
Sawa kabisa. Ukikaa na fomu, kivinjari kinaidai nafasi yake na ile programu inasukumwa nje. Ukirudi, inasomwa upya.

Sasa acha kabisa Windows+Shift+S. Fungua ukurasa wa mteja, ubonyeze juu yake ili uwe ndio dirisha la mbele, kisha Alt+PrtSc. Hakuna giza wala taarifa, utadhani hakijatokea kitu. Picha ya dirisha hilo imeshanakiliwa. Nenda kwenye mazungumzo ya mteja kwenye WhatsApp, bonyeza Ctrl+V, tuma. Hakuna programu ya tatu iliyofunguka hapo katikati. Kwenye laptopu nyingine PrtSc inahitaji ushike Fn pia.

Kabla ya hapo angalia jambo moja: Settings > Ease of Access > Keyboard, uzime "Use the PrtScn button to open screen snipping". Ikiwa imewashwa, PrtSc peke yake itakurudisha kwenye programu ileile unayoikimbia.

Nakuru_Linux:
Mimi niko Nakuru, nilitoa Windows kwa mashine kama hiyo nikaweka Linux yenye XFCE. Skrinshoti ni amri moja tu, na hufungui kitu kizito:

```
scrot -s picha.png
```

Unavuta kisanduku kwa mshale, picha inaingia kwa folda uliyoko. Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, kwa hivyo utahama tu siku moja.

MamaSteshenari:
Asante kaka, ila printa na mashine ya kuskani nimezizoea hapa hapa. Nikianza kuhama leo wateja watakimbia. Fundi, Alt+PrtSc imekubali, haigandi! Ila inachukua dirisha zima, na juu kuna vichupo vya wateja wengine. Sitaki mtu aone jina la mwenzake.

FundiWaGhorofani:
Hapo umefikiri vizuri. Bonyeza F11 kabla ya kupiga, kivinjari kitajaza kioo na vichupo vitafichika. Piga, kisha F11 tena kurudi.

Ukihitaji kipande tu cha ukurasa, fungua Paint asubuhi uishushe chini, ikae hapo. Ile ya Windows 10 ni nyepesi. Bandika kwa Ctrl+V, chagua eneo, bonyeza Crop, kisha nakili. Kuna pia Snipping Tool ya zamani: Windows+R, andika

```
snippingtool
```

Nayo ni nyepesi kuliko mwenzake, lakini bado ni programu ya kufungua, kwa hiyo ukiitumia, usiifunge siku nzima.

Zawadi_K:
Nyongeza kidogo. Kwangu zilikuwa zinaganda zote, ya kwanza na ya pili. Kumbe OneDrive ilikuwa inahifadhi kila skrinshoti na kuipandisha mtandaoni kwa bando langu. Nilifungua mipangilio ya OneDrive, sehemu ya Backup, nikaondoa tiki kwenye "Automatically save screenshots I capture to OneDrive". Pia Settings > System > Clipboard nikazima Clipboard history.

FundiWaGhorofani:
Ya OneDrive ni muhimu. Ya Clipboard history sidhani kama inaleta tofauti kubwa, ila kuizima hakumdhuru asiyeitumia.

Mzee_wa_Data:
Na kama kuna menyu iliyofunguka anataka ionekane? Nikibonyeza Alt menyu inajifunga.

FundiWaGhorofani:
Hiyo hutokea. Tumia PrtSc tupu, inachukua kioo kizima bila kugusa Alt, ukate baadaye.

MamaSteshenari:
F11 imefanya kazi. Imebaki moja: asubuhi nikiwasha mashine, hata PrtSc tupu inachelewa kidogo, ikishapoa ndio inatii. Hiyo nayo ni OneDrive?

FundiWaGhorofani:
Huenda ikawa hiyo, huenda ikawa antivirusi au masasisho. Kesho ukiwasha, fungua Task Manager kwenye Processes, bonyeza kichwa cha safu ya Disk, utuambie jina gani liko juu.