Tupeane uzoefu: uliwahi kukata mstari mmoja wa kosa la kompyuta, kumbe jibu limebaki kwenye dirisha?

Mama Steshenari, Uyole

Habari za asubuhi wakuu. Nina steshenari hapa Uyole, natoa kopi, nachapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Naanza na langu, kila mwenye lake alete.

Usiku umeme ulikatika, asubuhi ukarudi, nikawasha desktopu. Kila tovuti niliyofungua ikakataa. Skrini ilijaa maneno ya Kiingereza, na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na hii:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Nikaona huo ndio ugonjwa wenyewe, maana umekaa kitaalamu. Nikaukata peke yake nikautuma kwa wenzangu. Mmoja akasema cheti cha tovuti kimeisha muda, nisubiri wenyewe warekebishe. Mwingine akasema ni bando, nikabadilisha laini. Wateja wanne wakaondoka na fomu zao mkononi. Saa saba mchana mdogo wangu aliyeko Iringa akaniambia, "Dada, usinikatie. Nipigie dirisha lote kama lilivyo." Nilipomtumia alijibu papo hapo, kwa sababu juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa:

```
Your clock is behind
```

Na chini ya hapo dirisha lilitaja tarehe ya kompyuta yangu: Tuesday, January 1, 2019. Yaani nilikata jibu nikalitupa, nikawatumia watu fumbo.

Fundi wa Mwanjelwa

Pole sana mama. Wenzako hawakukosea kwa walichokiona. Mstari ule una sababu mbili tofauti kabisa. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na brauza inazilinganisha na saa ya kompyuta yako. Cheti kikiwa kimeisha kweli, unapata mstari huo. Saa yako ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, unapata mstari huo huo, kwa sababu kwa kompyuta yako cheti bado hakijaanza. Kwenye mstari peke yake hakuna mtu wa kuzitofautisha. Kwenye dirisha zima, hata mtoto anazitofautisha.

Dalili nyingine uliitaja mwenyewe: kila tovuti ilikataa. Cheti kikiisha ni tovuti moja inayokataa, nyingine zinafunguka.

Sasa usiishie kurekebisha saa tu. Ndani kwenye bodi kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Hiyo ndiyo inayoendesha saa umeme usipokuwepo. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Zima, chomoa waya ukutani, itoe uipime na mita. Mimi ikisoma chini ya 2.8 naibadilisha.

Mwalimu, Makambako

Fundi asante, yangu ni laptopu na inaandika "Plugged in, not charging". Ndiyo hiyo betri ya sarafu?

Fundi wa Mwanjelwa

Hapana mwalimu, hiyo inasemea betri kubwa ya laptopu, hazihusiani. Lakini na wewe umenipa mstari mmoja. Bonyeza alama ya betri, piga picha kila kinachotokea hapo, ulete.

Kijana wa Ipogolo

Mimi napinga kidogo. Picha haitafutiki. Andika kodi ya kosa kwa maandishi, mtu anaitafuta mtandaoni, kazi imeisha. Picha za dirisha zima zinamaliza bando bure.

Mhasibu, Mafinga

Kamwene wote. Mdogo wangu wa Ipogolo, hiyo kodi ya kosa ilinigharimu wiki nzima. Kila asubuhi nikifungua programu ya mahesabu ulikuja ujumbe huu, nikauandika kwa ukamilifu, herufi kwa herufi:

```
The application was unable to start correctly (0xc000007b). Click OK to close the application.
```

Nikamwambia fundi, "Programu ya mahesabu haifunguki." Akaifuta na kuiweka upya mara mbili. Kesho yake ujumbe ule ule. Mara ya tatu akaomba picha, na kwenye ukanda wa juu wa kile kidirisha, mahali ambapo sikuwahi kupasoma, paliandikwa:

```
skana_update.exe - Application Error
```

Ilikuwa ni masalia ya skana ya zamani tuliyoacha kuitumia, iliyowekwa ijiwashe yenyewe kompyuta ikiwaka. Programu ya mahesabu ilikuwa inafunguka vizuri nyuma yake, ila mimi nikiona ujumbe nilikuwa nafunga kila kitu kwa hofu ya kuharibu hesabu za mwezi. Ningetaja kodi mara mia, isingesema ni ya programu gani.

Fundi wa Mwanjelwa

Huo ukanda wa juu ndio ninaoutazama kwanza siku zote. Unamtaja anayelalamika.

Ila kijana naye ana hoja, maandishi yanatafutika. Ujumbe wa Windows wa aina ya kidirisha chenye OK, ukiubofya kisha ukabonyeza Ctrl na C, unanakili jina la juu na maneno yote kwa pamoja. Bandika popote, unapata hivi:

```
---------------------------
skana_update.exe - Application Error
---------------------------
The application was unable to start correctly (0xc000007b). Click OK to close the application.
---------------------------
OK
---------------------------
```

Nitumie hayo pamoja na picha. Na picha ukiituma Whatsapp, itume kama dokumenti, maana ikienda kama picha ya kawaida inabanwa na herufi ndogo zinafifia.

Kijana wa Ipogolo

Hiyo ya Ctrl na C sikuijua. Nimeijaribu sasa hivi, inakubali.

Nesi, Tukuyu

Jamani, dirisha zima la kwangu lina majina ya wagonjwa. Niliwahi kukata mstari mmoja kwa sababu hiyo tu, wala si uvivu.

Fundi wa Mwanjelwa

Dada, hapo ulifanya vyema kufikiria wagonjwa. Bonyeza Alt pamoja na PrtSc, inachukua dirisha lililo mbele tu, si skrini yote. Ujumbe ukiwa kwenye kidirisha chake, orodha ya nyuma haitoki. Ikiwa majina yamo ndani ya dirisha lile lile, bandika kwenye Paint uyafunike na boksi lililojazwa rangi nzito. Usipake juu yake brashi inayopitisha mwanga, maandishi ya chini yanaweza kuonekana mtu akiongeza mwangaza. Acha wazi ukanda wa juu, kodi, na vitufe vilivyopo.

Mama Steshenari, Uyole

Lakini fundi, Alt na PrtSc haichukui saa ya kona ya chini, na ugonjwa wangu ulikuwa saa. Bahati tu kwamba brauza iliitaja yenyewe.

Fundi wa Mwanjelwa

Kweli mama. Mtu asiye na siri za watu kwenye skrini, mimi ningependa skrini yote pamoja na saa. Kwa nesi siwezi kusema hivyo.

Nesi, Tukuyu

Basi saa nitaiandika kwa mkono pembeni.

Mwalimu, Makambako

Fundi, nimepiga picha sehemu yote ya betri. Inasoma 80%, na jana ilikuwa 80%, waya umechomekwa usiku kucha.

Fundi wa Mwanjelwa

Sasa tunaongea. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite hapo ili betri isichoke mapema. Fungua ile programu ya betri iliyokuja na laptopu, unipigie dirisha lake lote kabla hujabofya chochote.