Tupeane uzoefu: malimbikizo ya kupandishwa daraja yamekuja pungufu, unadai vipi?

Mleta Mada
Wakuu, tuweke hapa namna ya kukagua malimbikizo na kuandika dai linaloeleweka. Tuanze na mfano mmoja. Mshahara wa zamani 800,000, mpya 950,000. Barua imeandikwa tarehe 3 Aprili, lakini ndani inasema cheo kinaanza tarehe 1 Machi. Mshahara mpya umeonekana Agosti pamoja na malimbikizo ya 600,000. Wamelipa sawa?

Bwana Hesabu
Hii nyepesi. 950,000 toa 800,000 ni 150,000. Barua ya Aprili, kwa hiyo Aprili hadi Julai ni miezi minne. 600,000 kamili, hakuna cha kudai.

Karani wa Mishahara
Tofauti umeipata, mwezi wa kuanzia ndio umekosea. Kinachohesabiwa ni tarehe ya cheo kuanza, si tarehe iliyo juu ya barua. Nadhani hata aliyeingiza kwenye mfumo alisoma palepale uliposoma wewe. Machi hadi Julai ni miezi mitano.

Ila usikimbilie kuzidisha 150,000 mara tano ukadai 750,000. Panga hati za malipo za miezi yote mitano, uangalie mshahara wa msingi mwezi kwa mwezi. Tuseme nyongeza ya mwaka huingia Julai. Hati ya Julai itaonyesha msingi wa 820,000, si 800,000 tena, kwa sababu nyongeza iliingia kwenye daraja la zamani wakati mabadiliko hayajafanyika. Sasa tofauti ya Julai inategemea kanuni za mwajiri. Akikupa nyongeza kwenye daraja jipya, na ngazi inayofuata ikawa 975,000, tofauti ni 155,000. Kama aliyepandishwa husubiri hadi mwaka unaofuata, ni 950,000 toa 820,000, yaani 130,000.

Machi hadi Juni ni 600,000. Ukiongeza Julai unapata 755,000 au 730,000, kwa hiyo pungufu ni 155,000 au 130,000. Soma kanuni kwanza. Ukidai 755,000 huku kanuni inasema 730,000, barua yote itarudishwa, na ile Machi ambayo ni haki yako itarudi nayo.

Bi Mkubwa
Mimi sijalipwa pungufu, nimekatwa! Nilikuwa nakaimu nafasi hiyohiyo tangu Januari kwa posho ya 60,000 kwa mwezi. Nimethibitishwa kuanzia Machi, na malimbikizo yamekuja yametolewa posho yote. Huu si wizi?

Karani wa Mishahara
Dada, sehemu ni halali. Kuanzia Machi wewe si kaimu tena, kwa hiyo posho uliyopokea Machi na kuendelea inarudishwa, la sivyo unalipwa mara mbili kwa kiti kimoja. Lakini Januari na Februari ulikuwa kaimu kweli. Kama wamekata na hiyo, dai 120,000 yako.

Bwana Hesabu
Haya, Machi nimekubali. Na kama kilichoingia benki ni 430,000 tu?

Karani wa Mishahara
Usilinganishe na benki. Malimbikizo hukatwa kodi na mchango wa pensheni, na yakilundikwa mwezi mmoja kodi huweza kupanda kuliko ulivyozoea. Dai linaandikwa kwa kiasi kabla ya makato. Kama kodi ndiyo imezidi, hilo ni swali jingine: uliza kama inaruhusiwa kuigawa kwenye miezi husika. Halafu kagua saa za ziada. Zikihesabiwa kwa mshahara wa msingi, za Machi hadi Julai zililipwa kwa kiwango cha zamani, na mifumo mingi hairudi nyuma kuzirekebisha yenyewe.

Mleta Mada
Barua iandikweje?

Karani wa Mishahara
Fupi. Tuseme kanuni yenu ni ile ya kusubiri hadi mwaka unaofuata. Iende kwa afisa utumishi, nakala kwa mhasibu wa mishahara:

"Yah: Marekebisho ya malimbikizo ya mshahara. Barua yangu ya kupandishwa cheo inaonyesha cheo kinaanza tarehe 1 Machi. Malimbikizo yaliyolipwa Agosti ni 600,000, ambayo ni ya miezi minne. Kwa jedwali nililoambatanisha, nilistahili 730,000 kabla ya makato. Naomba tofauti ya 130,000 ilipwe pamoja na michango yake ya pensheni, na nipewe mchanganuo wa hesabu yenu."

Jedwali liwe na mwezi, msingi uliolipwa, msingi uliostahili na tofauti. Ambatanisha nakala ya barua ya cheo na hati zote za malipo, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukiletewa fomu ya kukiri kwamba umelipwa kikamilifu, usisaini kabla tofauti haijaingia.

Mgeni Humu
Na cheo kikianza katikati ya mwezi, mfano tarehe 16 Machi? Wetu wanagawa kwa 30.

Karani wa Mishahara
Wengine hugawa kwa siku halisi za mwezi, wengine kwa siku za kazi. Kwa 150,000, siku 16 kati ya 31 ni kama 77,419. Ukigawa kwa 30 ni 80,000. Angalia walivyowakata walioajiriwa katikati ya mwezi.

Bwana Hesabu
Hapo sikubali. Kuajiriwa na kupandishwa si kitu kimoja, kanuni zinaweza kutofautiana.