Ghorofa moja Ntinda, watu 34: wazi au vyumba?

Mgeni wa Ghorofa: Tumekodi ghorofa Ntinda, Kampala, mita 24 kwa 12, madirisha pande zote mbili ndefu, hakuna kiyoyozi. Tuko 34. Bosi anataka ukumbi wazi mtupu, wahasibu wetu wanne wanataka vyumba, na mwakani huenda tukaongezeka. Tufanyeje?

Mpasha Habari: Wazi, bila kusita. Mhasibu ukimpa mlango umempa kitanda. Na kuna utafiti wa Wamarekani kwamba watu wakiondolewa kuta wanazungumza zaidi, kazi inakwenda.

Leja Nyekundu: Kitanda? Wewe ukipita na kikombe cha chai nyuma ya kiti cha anayeandaa mishahara, umeshajua bosi analipwa ngapi kabla chai haijapoa. Kesho jengo zima linajua. Halafu tukifunga mlango tunalala!

Mpasha Habari: Geuza kompyuta ielekee ukuta, dada. Hasira ya nini?

Leja Nyekundu: Ukuta upi, na umeshasema usiwepo?

Futikamba: Huo utafiti umeugeuza, sebo. Ni wa Bernstein na Turban wa Harvard, 2018. Watu wa kampuni mbili walivishwa vifaa vya kurekodi nani anakutana na nani, kabla na baada ya kuta kuondolewa. Maongezi ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Mtu asipokuwa na pa kujificha huvaa hedfoni. Ila hauthibitishi kwamba vyumba vitupu ni bora. Unaonya tu kwamba kubomoa kuta peke yake hakuleti mazungumzo.

Kwa ghorofa hili ningeanza na hewa kabla ya heshima ya mtu yeyote. Upepo unaoingia dirisha la upande mmoja na kutokea upande wa pili hufika vizuri kina cha kama mara tano ya urefu wa sakafu hadi dari. Dari ikiwa mita 2.8, hiyo ni mita 14, kwa hiyo mita zenu 12 zimo. Sasa tuseme umepanga vyumba kwenye madirisha ya pande zote mbili na korido katikati. Bosi na wahasibu watapata upepo, na wanaobaki katikati watapata joto na taa zinazowaka mchana. Kampala si Gulu, hewa ya asubuhi hapa inatosha ukiiacha ipite.

Basi vyumba viwekwe kwenye ncha mbili fupi, na katikati pabaki wazi. Ncha moja ikatwe mita 4.5. Ule upana wa mita 12 unatoa chumba cha mkutano cha watu wanane chenye mita 4.5, viwili vya watu wanne vya mita 3 kila kimoja, na mita 1.5 inayobaki inatoa vibanda viwili vya simu. Ncha ya pili ikatwe mita 3: wahasibu wapate mita 7.5 ya ule upana na mlango wao, mita 4.5 iwe pa kazi ya kimya, simu marufuku. Katikati zinabaki mita za mraba 198 kwa watu 30.

Mzee wa Bweyogerere: Vyumba vitatu vya mkutano vya nini? Tengeneza kimoja kikubwa cha watu 14, basi. Sisi tunacho hivyo.

Futikamba: Mzee, chungulieni hicho kikubwa saa nne asubuhi: watu watatu na viti kumi na kimoja vitupu, huku wengine wawili wanaongea na mteja kwenye ngazi. Mikutano mingi ya ofisi ndogo ni ya watu wawili hadi wanne. Mkitaka kukutana wote 34, sukumeni meza za katikati.

Mzee wa Bweyogerere: Sisi tunasali humo Ijumaa, ndiyo maana ni kikubwa. Na tuko juu kabisa, mvua ikigonga mabati hata sala haisikiki.

Silingi Safi: Nakubaliana na ncha mbili. Patisheni ziwe za kioo cha milimita 10 zikomee kwenye silingi, na juu mweke vigae vya dari vinavyomeza sauti. Bei nafuu, na siri inatunzwa.

Futikamba: Nusu yake sawa. Vigae hivyo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini ni vyepesi: sauti inapenya, inatembea juu ya silingi na kushuka chumba cha pili. Hapo ndipo chumba cha mishahara kinapovuja. Inua kigae kimoja kando ya patisheni, mulika tochi. Ukiona mwanga upande wa pili, ukuta umeishia silingi. Ukuta wa wahasibu na wa mkutano mkubwa ufike mpaka zege: jipsamu mbili kila upande, sufi ya mawe katikati, na ufa wa juu na wa chini uzibwe kwa gundi isiyokauka ngumu. Kisha mlango mzito wenye mpira pembeni na wa chini pia. Mwanya wa sentimita moja chini ya mlango unaharibu kazi yote hiyo. Kabla ya kumlipa fundi, mmoja asome gazeti ndani kwa sauti ya kawaida, mwingine asimame nje. Kusikia mvumo si tatizo. Akishika maneno, fundi arudi.

Leja Nyekundu: Asante. Mpasha Habari asome hilo gazeti, tumjue akilala.

Mpasha Habari: 😂 Nitasoma orodha ya mishahara.

Silingi Safi: Hujajibu mambo mawili. Vile vyumba vidogo vya katikati ya ncha havina dirisha. Na madirisha yakifunguliwa Ntinda, bodaboda zote zinaingia mkutanoni.

Futikamba: La kwanza ni kweli kama ukuta wa ncha hauna madirisha. Vitahitaji feni ya kutoa hewa yenye bomba lililovikwa sufi ndani, maana tundu tupu linapitisha sauti pia. La pili ndilo linaloniumiza kichwa. Ncha ya kimya iwe upande wa mbali na barabara, lakini jenereta likiwa ua wa nyuma mmekimbia bodaboda mkaangukia dizeli. Kabla ya kuchora, simameni humo siku umeme umekatika.

Mzee wa Bweyogerere: Jengeni kwa matofali mmalize, jipsamu ni karatasi.

Futikamba: Ghorofa la kupanga, Mzee! Ukuta wa tofali una uzito ambao slabu huenda haikupangiwa, na kuuhamisha ni kuubomoa. Mgeni amesema wataongezeka. Miimo ya madirisha ikiwa kila mita 1.5, kuta zote zifuate mistari hiyo, ndiyo maana nimekata 3 na 4.5. Ukuta ukitua katikati ya kioo, fundi ataziba mwanya kwa ubao na maongezi yatapita hapo hapo. Taa na soketi pia zigawanywe kwa mita 1.5. Vinginevyo mwakani mtasimamisha ukuta chini ya safu ya taa, na mhasibu atazimiwa taa na mtu wa mauzo mwenye swichi.

Mgeni wa Ghorofa: Nimepima sasa hivi: miimo ni mita 1.6. Na bosi anauliza chumba chake kiko wapi.

Leja Nyekundu: Mwambie kuna vibanda viwili vya simu.