Likizo katikati ya msimu wa korosho: haki, au hisani ya msimamizi wa ghala?

Muulizaji, mpakiaji, Mtwara: Nimeajiriwa kwa msimu kwenye ghala la korosho, Oktoba hadi mwisho wa Januari. Desemba mwanangu anatoka jandoni, nimeomba siku tano. Msimamizi anasema mtu wa msimu hana likizo, na mpaka mnada wa mwisho hakuna ruhusa ya mtu yeyote. Je, ni sawa? Na je, ni haki mwajiri kufunga ruhusa msimu mzima?

Katibu wa chama cha msingi, Tandahimba: Ndugu, elewa na upande wa pili. Korosho hazingoji jando. Magari ya vyama yanaingia ghala kuu kwa mkupuo siku zile kabla orodha ya mnada haijafungwa, na mzigo ambao haujapimwa na kupangwa unakosa mnada wa wiki ile. Anayeumia ni mkulima anayesubiri malipo. Isitoshe, sheria inasema wazi kuwa anayepanga muda wa likizo ni mwajiri. Na mtu asiyetimiza miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Miezi minne ni miezi minne.

Mshauri wa masuala ya kazi, Lindi: Katibu, la muda umepatia, la miezi sita umekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 29, kweli inamnyima likizo ya malipo mwenye chini ya miezi sita, lakini hapohapo inamtoa mfanyakazi wa msimu: yeye anastahili hata kama hajafikisha miezi hiyo. Kifungu cha 31 kinaongeza kwamba msimu ukiisha alipwe likizo aliyojikusanyia, mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya.

Tuweke hesabu, tuseme ujira wa siku ni shilingi 10,000. Akifikisha siku 65 za kazi katikati ya Desemba, ameshajikusanyia siku tano, ndizo hizo anazoziomba. Akimaliza msimu na siku 104, jumla ni nane. Akikubaliwa tano sasa, analipwa 50,000 za siku hizo, na Januari anadai tatu zilizobaki, 30,000. Akikataliwa, Januari anadai zote nane, 80,000. Kwa hiyo msimamizi anaweza kukataa tarehe, ila hawezi kuifuta likizo yenyewe. Wengi wanaambiwa "hakuna likizo", wanaamini, na mwisho wa msimu wanaondoka bila kudai.

Karani wa mizani: Hapo kwenye 13 mimi nina neno. Hiyo namba imetoka wapi? Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na ukigawa 365 kwa 28 unapata 13 na kitu. Maana yake Jumapili zimehesabiwa humo. Oktoba hadi Januari ni siku 123, gawa kwa 13, unapata tisa na zaidi. Kwa nini umpunjie?

Mshauri, Lindi: Hoja yako ina uzito, na nimeona waajiri wakilipa kwa namna zote mbili. Maneno ya kifungu yanataja siku alizofanya kazi au alizostahili kufanya, ndiyo maana mimi naanza na daftari la mahudhurio. Ila siku aliyofika getini akarudishwa kwa sababu magari hayakuja, hiyo iingizwe. Alistahili kufanya kazi.

Nahodha wa boti ya dagaa, Msanga Mkuu: Mbona sisi hatuna ugomvi huo? Mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliki kwa taa, mabaharia wanakwenda kwao mpaka giza lirudi. Hiyo ndiyo likizo yetu, kila mwezi. Nyie wa korosho igeni.

Mshauri, Lindi: Mzee wangu, hayo ni mapumziko bila malipo. Mnatoa gharama za mafuta na chakula, kinachobaki mnagawana mafungu na tajiri wa chombo. Mwezi ukiwa mpevu hakuna fungu. Na wapo mabaharia wanaofanyia kazi tajiri mmoja tu, kwa chombo chake na nyavu zake, wakitoka na kurudi kwa amri yake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania mtu wa namna hiyo kuwa mwajiriwa mpaka tajiri athibitishe vinginevyo, hata akiitwa mshirika. Lakini hilo ni la mjadala wake.

Dada wa kitengo cha kubangua: Mmesahau kitu kikubwa. Kuna ruhusa ambazo msimu hauzifungi. Ukiugua una cheti cha daktari, mwajiri hawezi kukwambia subiri mnada. Na kuna zile siku nne za malipo: mtoto akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Angalia vizuri orodha hiyo. Mama akilazwa Newala hayumo, mpaka afariki. Mjomba hayumo kabisa, na kwa Wamakonde na Wamakua mjomba ndiye mwenye msiba! Hapo ndipo watu wanagombana na wasimamizi kila mwaka. Halafu siku nne ni jumla ya mzunguko wa miezi 36. Misiba ikiwa miwili, nne ni zilezile, za ziada mwajiri akikubali zinakuwa bila malipo.

Muulizaji: Kwa hiyo jando halimo. Naombaje basi?

Mshauri, Lindi: Omba kama likizo ya mwaka, na chagua siku. Siku za kupokea mzigo kabla ya mnada utakataliwa, na nisingemlaumu msimamizi. Mnada ukishapita kuna nafasi mpaka mnunuzi alipe na magari yake yaje kuchukua mzigo. Omba zianzie hapo. Barua iwe fupi: tarehe ya kuondoka na ya kurudi, neno "likizo ya mwaka", na jina la mwenzako atakayeshika zamu yako. Nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe kuwa imepokelewa.

Usiondoke kwa kuambiwa "wewe nenda tu" kwa mdomo. Zamu inabadilika, karani anaandika mtoro, na utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ni sababu ya kuachishwa. Siku tano zako zikizidi kwa usafiri wa matope, umefika hapo. Kama huna barua iliyosainiwa, tuma ujumbe wa simu aujibu.

Katibu, Tandahimba: Sawa, la miezi sita nimelielewa. Lakini sisi malipo ya likizo tumeshayatia ndani ya ujira wa siku. Tulikubaliana nao.

Karani wa mizani: Iko wapi kwenye hati ya malipo? Mwajiri anatakiwa kutoa maelezo ya maandishi kila anapolipa. Kama karatasi inasema "siku 26" na jumla tu, hiyo likizo iliyomo ndani utaithibitisha vipi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi? Na mdai asizubae, madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60.

Mpagazi wa getini: Nyie mnazungumzia wenye mikataba. Sisi tunaokotwa asubuhi na kiongozi wa kundi, yeye ndiye anayelipwa na ghala, anatugawia jioni. Msimu wote ghala lilelile, kundi lilelile. Mimi ni wa msimu au wa kutwa? Na nikidai, namdai nani?

Katibu, Tandahimba: Mdai kiongozi wako. Ghala halikujui.

Dada wa kitengo cha kubangua: Halikujui, lakini msimamizi wake ndiye anayekupangia gari la kushusha na muda wa kutoka? Kama ndivyo, andika majina ya kundi na tarehe kila siku, kabla hamjaanza kubishana ni nani mwajiri.