Naomba ushauri: niuze mifupa ya samaki mibichi au nisage unga?

Habari wanajamvi. Nikichakata samaki napata minofu kilo 400, vichwa na mifupa kilo 500. Gharama ya pamoja hadi kuvitenganisha ni 900,000. Mhasibu anaigawa kwa uzito, hivyo mifupa inabeba 500,000, wakati ikiuzwa mibichi inaleta 50,000 tu! Anasema tuitupe.

Nilijaribu kukausha na kusaga: unga kilo 110, mauzo 99,000, kuni na kusaga 35,000. Naona nyongeza ya 14,000 kuliko kuuza mibichi.

Je, niko sahihi kuiacha ile 900,000 nje ya uamuzi huu? Na kwa thamani ya akiba ghalani, nigawe kwa thamani ya mauzo pale vinapotengana?