Benki imerudisha faili la mishahara mara 3 na Idd ndio hiyo, naombeni msaada

MamaWaMahesabu
Wakuu habari za mchana. Niko Mwanza, nafanya uhasibu kwenye kampuni yenye wafanyakazi 64. Mishahara ya Machi tunalipa kwa faili moja la CSV tunalipandisha kwenye intaneti benki, mwezi wa pili lilipita bila shida ila mwezi huu limekataliwa. Kilichobadilika ni laptopu tu, nimepewa mpya wiki iliyopita, na karatasi ya mishahara nimetumiwa na dada wa utumishi kama kawaida nikaisevu CSV. Mara ya kwanza ilisema hivi

```
All records: Invalid value date
Record 37: Invalid character in field 2
```

Nikafungua lile lile CSV kwenye Excel, nikaenda mstari wa 37, jina halina tatizo lolote ila nikalifuta nikaliandika upya, nikasevu, nikapandisha tena. Sasa hivi inasema na namba za akaunti zote 64 ni mbovu!! Mara ya tatu hivyo hivyo. Leo ni Alhamisi tarehe 27, hela zinatakiwa kesho, wafungaji wanasubiri wakanunue nguo za watoto. Kolamu zetu ni akaunti, jina, kiasi, tarehe, maelezo.

kijana_wa_posta
Pole dada. Mbona rahisi, bonyeza kolamu ya tarehe, Format Cells, chagua Text. Excel inaacha kuichezea.

Mpemba Asilia
Mimi ilinitokea hiyo hiyo mwaka jana, faili likapita vizuri lakini watu watatu hela zikarudi baada ya siku mbili, kumbe walikuwa wamefunga akaunti zao hawajasema. Waulizeni wafanyakazi kwanza.

MamaWaMahesabu
@Mpemba Asilia asante kaka ila langu halijafika huko, linakataliwa mlangoni hakuna hata mtu mmoja aliyelipwa.
@kijana_wa_posta nimefanya, tarehe zote zimegeuka 45744 😭

Kibubu
Dada usipandishe tena chochote kwanza. Nenda kwenye CSV la mwisho, bonyeza kitufe cha kulia, fungua na Notepad, sio Excel, kisha tubandikie mstari mmoja hapa. Ficha jina.

MamaWaMahesabu
Huu hapa mkuu

```
1.50235E+11,JINA NIMEFICHA,412000,3/28/2025,MSHAHARA MACHI
```

Kibubu
Sawa, kumbe ni mambo mawili ya zamani na moja umelizaa mwenyewe.

La kulizaa ni akaunti. CSV ni maandishi matupu, halikumbuki kwamba kolamu ile ulikuwa umeiweka Text, kwa hiyo ukilifungua kwa kulibofya mara mbili Excel inaona tarakimu inasema aha hii ni namba, inatupa sifuri ya mbele na ikizidi tarakimu 11 inaonyesha kwa ule mtindo wa E+11. Ukisevu inaandika kile kinachoonekana. Tarakimu zilizobaki zimeshapotea humo, usijaribu kuzitafuta, lifute hilo CSV rudi kwenye xlsx ya dada wa utumishi. Na kuanzia leo CSV likaguliwe kwa Notepad tu, ukiona kosa rekebisha kwenye xlsx usevu upya.

Tarehe sasa. Benki yako inataka 28/03/2025 sio? Laptopu mpya imekuja na mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia. Dada wa utumishi kwake ameona 28/03/2025, ile tarehe ndani ya Excel ni namba tu, siku ya 45744 tangu mwaka 1900 uanze, inavaa nguo za kompyuta iliyoifungua. Ndio maana ulipoweka Text ikavua nguo ukaona namba yenyewe. Fungua kolamu pembeni uweke

```
=TEXT(D2,"dd/mm/yyyy")
```

buruta mpaka chini, kopi, halafu bandika juu ya D kama Values, kisha ufute ile kolamu ya pembeni isiingie kwenye CSV. Halafu kwenye Windows nenda Region ubadilishe Short date iwe dd/MM/yyyy, usije ukasumbuka mwezi ujao.

Na ushukuru ni tarehe 28, hakuna mwezi wa 28 kwa hiyo benki imekataa. Ingekuwa tarehe 5 Machi ingesomeka 3 Mei, kuna mifumo ingekubali kimya kimya ikayapanga malipo yasubiri mpaka Mei, na wewe unaona kijani tu.

kijana_wa_posta
Ooh kumbe Text unaweka KABLA ya kuandika tarehe. Mi huwa naandika mwenyewe kwa mkono ndio maana kwangu inakubali.

Kibubu
Ndio, kwa kuandika upya ingekubali. Kwa tarehe iliyokwisha kuwa tarehe haifai.

Dada hiyo rekodi ya 37, una kichwa cha kolamu mstari wa kwanza? Basi rekodi ya 37 ya benki ni mstari wa 38 wa Excel. Nani yuko hapo?

MamaWaMahesabu
Weeee. Yuko mfanyakazi mpya, jina lake la kwanza kwenye orodha ni la kisukuma linaanza na Ng'. Ila tuna wasukuma wengine wawili wenye Ng' na hawajalalamikiwa!

Kibubu
Jina lake mlilipataje?

MamaWaMahesabu
Alituma WhatsApp, dada wa utumishi akakopi.

Kibubu
Ndio hapo. Kuna simu zinaandika ile alama iliyopinda, na kibodi ya kompyuta inaandika iliyonyooka, kwa macho zinafanana lakini kwa mfumo ni vitu viwili. Jaribu

```
=UNICODE(MID(B38,3,1))
```

Ukipata 39 ni ya kawaida, ukipata 8217 ni ile ya simu. Futa uandike kwa kibodi.

Bi Hesabu wa Tanga
Benki yetu sisi hata iliyonyooka haitaki, majina yote ya Ng' tunaandika NG bila alama na hela zinaingia. Ila tawi moja waliniambia jina lisilolingana na la akaunti linaweza kuzuiwa. Kila mtu na lake.

MamaWaMahesabu
Imetoka 8217!!! Nimerekebisha vyote, nimepandisha, tarehe na akaunti zimepita, sasa imebaki rekodi moja tu, ya 52, invalid character tena. Nimetumia TRIM hakuna kitu.

Kibubu
Hiyo itakuwa nafasi isiyo nafasi, inatoka ukikopi kwenye tovuti au barua pepe. TRIM haiigusi.

```
=SUBSTITUTE(B53,CHAR(160)," ")
```

Ukiwa na Notepad++ hata usihangaike kubahatisha, Ctrl+F, weka alama Regular expression, tafuta `[^\x00-\x7F]`, kila kigeni kinajitaja chenyewe. Fanya hivyo kabla ya kupandisha.

MamaWaMahesabu
Limepita wakuu, rekodi 64, jumla inalingana na karatasi. Mungu awabariki. Sasa bosi ndio wa kuidhinisha na yuko Bukoba, simu anasema mtandao unakata.

Bi Hesabu wa Tanga
Kabla hajabonyeza mwambie aangalie orodha ya yanayosubiri, yale manne ya mwanzo yaonekane Rejected kweli. Kuna siku sisi moja lilikuwa limebaki Pending, nusura tulipe mara mbili.

MamaWaMahesabu
Matatu yanaonekana Rejected. La nne silioni kabisa. Ngoja niwapigie benki.

Mpemba Asilia
Na kuhusu waliofunga akaunti umeshawauliza?