Mrejesho: chati ya kilo za samaki imekubali

Swali langu lilikuwa: "Nimeingiza kilo za samaki wetu wa Lamu kwenye Excel, mbona chati haina nguzo hata moja?"

Ahsanteni sana ndugu zangu. Kweli kama mlivyoniambia, namba zilikuwa zimelala kushoto mwa seli na SUM ikatoa 0, kumbe ni maandishi. Text to Columns haikufua dafu, wala TRIM: nilizinakili kutoka ukurasa wa wavuti, zikaja na nafasi isiyokatika, ambayo TRIM haiigusi. Iliyofaa ni hii, kwenye safu C:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),""))
```

Nikaielekeza chati kwenye safu C, nguzo zikasimama. Seli mbili bado ziligoma na #VALUE!: moja "4O" yenye herufi O, nyingine "12 kilo". Hizo nimeziandika upya kwa mkono.